Mama Alihesabu Peke Yake

Wiki mbili zilizopita mafundisho yalikuwa juu ya yule mama aliyetokwa na damu miaka 12. Mchungaji aligusa jambo moja halafu akaendelea, lakini mimi nikabaki pale pale. Marko anasema huyo mama alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga. Yaani Biblia haikusema tu kwamba alikuwa mgonjwa. Ilisema pia kwamba alikuwa ameishiwa. Ugonjwa ulimnyang'anya damu, na matibabu yakamnyang'anya mfuko.

Nimeombwa niandike kwa sababu wengi wenu mlitusaidia mama yangu alipougua saratani ya matiti mwaka 2025, na kuna swali ambalo baadhi yenu mliniuliza pembeni, tena kwa upendo. Mliniuliza: "Ndugu, mbona unahesabu pesa mama akiwa kitandani? Huoni ni kama unamwekea bei?" Swali hilo lilinichoma. Nimelitafakari muda mrefu, na leo nataka kulijibu. Sitajibu kwa hasira. Nitasimulia tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Sisi wa Turkana tunasema mtu akivuka Kainuk akielekea Kitale, amekwenda Kenya. Watu wa nje hucheka, lakini mgonjwa wa saratani anaelewa maana yake. Hapa Lodwar tuna hospitali ya rufaa ya kaunti, na kazi yake tunaiona. Lakini ukiambiwa una saratani, matibabu makubwa yako kule Kenya. Wengi huenda Eldoret, Hospitali ya Moi, ambayo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 350. Wengine hufika mpaka Nairobi, karibu kilomita 700. Na anayetoka Kakuma anaongeza kilomita 120 hivi kabla hata hajafika Lodwar. Mimi sitataja tulitibiwa wapi, kwa sababu sikuandika ili kumlaumu mtu.

Mama alianza na uvimbe mdogo titi la kushoto. Hakuumwa, kwa hiyo hakusema. Alipotuonyesha, ngozi ilikuwa imeanza kuvutwa ndani. Tulitumwa kule juu, na hapo ndipo hesabu ya kwanza ilituangukia.

Nilikuwa nimejiandikisha SHA mapema, ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kila mwezi nakatwa kwenye mshahara. Nilikaa nikijua mama yuko ndani ya kadi yangu. Kumbe hapana. Kadi ya SHA ni ya nyumba: mwenye kadi, mke au mume wake, na watoto wake. Mama na baba ni nyumba yao wenyewe. Nililiambiwa hilo dirishani, foleni ikiwa nyuma yangu. Tuliwasajili wazee kwa simu kupitia *147#, tukajibu yale maswali ya mali na kipato, wakapangiwa kiwango cha chini kabisa cha shilingi 300 kwa mwezi. Lakini asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani shilingi 3,600, ndipo kadi ianze kufanya kazi. Hizo si pesa nyingi. Kilichotuumiza ni kwamba vipimo vya mwanzo tulivilipa taslimu tukiwa hatujui.

Vipimo hivyo vilikuwa vitatu. Kwanza mama alikatwa kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene ili kithibitishwe, tukalipa shilingi 6,000. Halafu kipande hicho hicho kilipimwa vipokezi, yaani kuangalia kama uvimbe unalishwa na homoni au na kitu kingine, kwa sababu hapo ndipo daktari anapojua dawa gani itafanya kazi. Hicho kilikuwa 12,000. Kisha skani ya kifua na tumbo, kuona kama ugonjwa umetembea: 15,000. Jumla 33,000. Na kwa sababu majibu hayatoki siku moja, tulisafiri mara tatu. Kila safari ya watu wawili, nauli kwenda na kurudi, kulala na kula, ilikuwa shilingi 11,200. Mara tatu ni 33,600. Angalieni hapo, wapendwa: nauli na malazi vilizidi vipimo. Tulikuwa tumetumia 66,600, na mama hajapata hata tone moja la dawa.

Hapo ndipo kanisa lilipofanya harambee. Mlitoa 84,000 Jumapili moja, wengine mkitoa mpaka nauli ya boda ya kurudi nyumbani. Nililia. Lakini pesa nyingi kati ya hizo zilikwenda kulipa madeni ya vipimo na safari, pamoja na mkopo wa simu niliokuwa nimechukua. Zilibaki 17,400. Kanisa likarudi nyumbani likijua Mama amesaidiwa. Mimi nikarudi nyumbani nikijua matibabu ndiyo kwanza yanaanza.

Daktari alitueleza mpango. Mama angepata kemo mara nane, kila baada ya siku 21, ili uvimbe upungue. Halafu angefanyiwa upasuaji wa kuondoa titi. Baada ya hapo mionzi, siku 15 za matibabu, Jumatatu hadi Ijumaa, yaani wiki tatu za kukaa kule kule. Dawa zingelipiwa na SHA. Kwa saratani, nyumba moja ilikuwa imetengewa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa kwanza, na hizo zikiisha, 150,000 kutoka mfuko wa pili wa magonjwa sugu. Tulishukuru sana. Jirani mmoja akaniambia, "Basi hamna shida tena, serikali inalipa."

Hebu tuhesabu safari moja ya kemo ambayo serikali inalipa. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kila mguu 1,800 kwa mtu, ni 7,200. Tulilazimika kufika siku moja kabla ili apimwe damu, na kulala tena baada ya dripu kwa sababu mama alikuwa akitapika na hangeweza kupanda gari: usiku mbili, 1,600. Chakula 1,800. Boda na teksi 600. Dawa za kutapika na vitu vidogo vilivyokosekana siku hiyo, tukanunua nje, 1,500. Jumla 12,700. Mara nane inakuwa 101,600. Hii yote ni nje ya kadi. Hakuna kadi inayolipa matatu, chumba cha kulala wala siku ambazo mtoto hakuuza sokoni kwa sababu anamshika mama mkono.

Mwaka 2013 madaktari wawili wa Marekani, Yousuf Zafar na Amy Abernethy, waliandika kwamba jambo hili liitwe sumu, sawa na vile dawa za saratani zinavyokuwa na sumu yake. Walimaanisha kwamba gharama ni madhara ya matibabu kama kutapika na nywele kudondoka, na daktari anapaswa kuiulizia kama anavyoulizia homa. Na si kwetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wagonjwa wapya zaidi ya 9,000 katika nchi nane za kusini mashariki mwa Asia. Baada ya mwaka mmoja, 29 katika kila 100 walikuwa wamekufa, na 48 walikuwa hai lakini nyumba zao zimeanguka kifedha. Waliobaki hai bila kuanguka walikuwa 23 tu. Niliposoma hayo nilijua hatukuwa wazembe. Ndivyo ugonjwa huu unavyokula.

Kemo ya kwanza tuliilipia safari kwa zile 17,400, zikabaki 4,700. Kwa kemo ya pili baba aliuza mbuzi watatu, kila mmoja 4,500. Ilikuwa kiangazi, mbuzi wamekonda, na mnunuzi akiona umekuja sokoni kwa haraka anajua una mgonjwa. Mama aliwaona wakitolewa bomani. Hakusema kitu.

Siku ya kemo ya tatu ilipokaribia, mama aliniambia, "Daktari amesema nipumzike kwanza. Tutarudi mwezi ujao." Alikuwa amedhoofika, nywele zimeisha, kwa hiyo niliamini. Hata nilimshukuru Mungu kwa hayo mapumziko, kwa sababu mfuko wangu ulikuwa mtupu. Hilo naliungama mbele yenu. Nilifurahi kidogo.

Wiki mbili baadaye nilipiga simu kliniki kuuliza tarehe. Muuguzi akaniambia, "Huyo mama tulikuwa tunamtarajia. Hakuna mtu aliyemwambia apumzike." Akanieleza kwa upole kwamba zile siku 21 hazikuwekwa ovyo. Dawa inaua uvimbe, lakini pia inashusha chembe nyeupe za damu, na zile siku ni za damu kurudi. Ukirudi mapema mno, mwili hauwezi. Ukichelewa sana, uvimbe nao unapata nafasi ya kujijenga tena. Mgonjwa anayeruka tarehe hapumziki. Anaupa ugonjwa pumziko.

Jioni ile nilikaa na mama nje ya nyumba. Nikamuuliza. Alinyamaza muda, halafu akasema: "Mwanangu, mbuzi watatu kila safari. Zimebaki safari sita. Hao ni mbuzi kumi na wanane. Baba yako ana thelathini na mmoja. Halafu kuna kukatwa, halafu kuna mionzi. Na dada yako yuko kidato cha tatu. Nitapona nirudi kwa boma tupu? Nitakuwa nimepona ili nikae na nani?"

Wapendwa, mama yangu hakusoma. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu. Alikuwa amehesabu kila mbuzi, na alihesabu peke yake, usiku, gizani, akiwa mgonjwa. Sisi watoto wenye afya tulikataa kuhesabu kwa sababu tuliona ni aibu. Tulisema "pesa si kitu, Mama, wewe pona tu." Tukadhani tunampenda. Kumbe tulimwachia yeye kazi ya kuhesabu, naye akafikia jibu ambalo mtu mmoja peke yake angefikia: yeye ndiye gharama, basi aondolewe.

Kwa hiyo ninyi mlioniuliza kwa nini nahesabu, jibu langu ndilo hili. Pesa za ugonjwa zitahesabiwa tu. Swali ni nani atazihesabu. Tusipohesabu pamoja mchana, mgonjwa atahesabu peke yake usiku, na atajihesabu yeye kuwa hasara.

Najua mjomba wangu mmoja hakukubaliana. Tulipokutana kama jamaa, alisema kuhesabu ni kukosa imani, na kwamba mwana wa kweli huuza mbuzi wote kwanza halafu Mungu anaona mbele. Namheshimu mjomba, na sehemu ya maneno yake ni kweli: kuna watu hutumia hesabu kama mlango wa kutorokea. Mtu anasema "gharama ni kubwa" akimaanisha "sitaki kutoa." Hiyo si hesabu, ni kisingizio. Utaijua kwa sababu haina karatasi. Haitaji tarehe wala kiasi wala nani atatoa nini. Inaishia kwenye kuguna.

Lakini Bwana mwenyewe, katika Luka 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, na akasema huyo mtu huketi kwanza na kupiga hesabu. Anayeanza bila kuketi hachekwi kwa sababu hakupenda mnara. Anachekwa kwa sababu aliuachia njiani. Matibabu yaliyoachwa kwenye kemo ya pili ni mnara wa namna hiyo. Mbuzi wameshaenda, na ugonjwa bado upo.

Basi tulichukua karatasi. Kila aliyekuwepo alisikia, na mama alikuwepo. Hilo tulilisisitiza. Tuliandika tarehe sita zilizobaki, na chini ya kila tarehe tukaandika kinachohitajika. Halafu tukatafuta ni wapi pesa inavuja bila kumtibu.

Tuligundua kwanza ile damu. Kama chembe nyeupe hazijarudi, kemo haitolewi. Unarudishwa nyumbani uje baada ya wiki moja. Safari nzima imepotea. Muuguzi alikubali tupime damu hapa Lodwar siku mbili kabla ya kuondoka, tumsomee majibu kwa simu, ndipo tukate tiketi. Kemo ya tano damu ilikuwa chini, na tuliijua tukiwa nyumbani. Tungekuwa tumepoteza zaidi ya shilingi 10,000 kwa kusafiri bure.

Pili ilikuwa malazi. Mchungaji wetu alipiga simu kwa kanisa dada katika mji ule, na familia moja ikatupa kitanda na chakula cha jioni kila tulipokwenda. Sikuwafahamu. Waliniambia tu, "Karibuni nyumbani." Hapo usiku mbili zikatoka kwenye hesabu, na chakula kikashuka kutoka 1,800 hadi 1,000. Wakati wa mionzi kitanda hicho kilikuwa na thamani kuliko harambee, kwa sababu ilikuwa wiki tatu mfululizo.

Tatu, makaratasi. Tulinunua faili moja ya plastiki. Ndani tuliweka majibu ya kile kipande cha nyama, ya vipokezi, picha za skani na diski yake, na kila barua ya daktari. Faili haikai na mtu anayesafiri leo tu. Inakaa na mgonjwa. Nimekutana na mtu kule foleni aliyelipia skani ya pili kwa sababu ya kwanza iliachwa kwenye nyumba ya binamu.

Safari ikashuka kutoka 12,700 hadi 10,300: nauli 7,200, chakula 1,000, boda na teksi 600, dawa ndogo 1,500. Na hapo ndipo tulirudi kwenu, safari hii bila harambee. Tuliomba nyumba 20 za kanisa zitoe shilingi 500 kila baada ya siku 21, mara sita. Hiyo ni 10,000 kila safari, nasi tukajazia zile 300. Kila nyumba ilitoa 3,000 jumla. Zote pamoja ni 60,000, pungufu ya ile harambee ya kwanza. Lakini zile 84,000 hazikumfikisha hata kemo ya tatu, na hizi 60,000 zilimfikisha ya nane.

Nimejiuliza kwa nini. Harambee ni nzuri wakati wa msiba, kwa sababu msiba una siku moja. Jeneza likishalipiwa na gari likapatikana, limeisha. Saratani haina siku moja. Ina tarehe. Ukiipa pesa yote siku ya kwanza, pesa inakutana na madeni ya jana na kufa hapo hapo. Na mgonjwa ataona aibu kurudi kuomba, kwa sababu ameshasaidiwa mbele ya watu wote. Paulo aliwaambia Wakorintho, katika sura ya 16 ya waraka wa kwanza, kila mtu aweke akiba kidogo kidogo siku ya kwanza ya juma, ili michango isifanywe kwa haraka atakapofika. Zamani nilidhani huo ni utaratibu wa ofisi tu. Sasa naona ni rehema. Shilingi 500 za wiki ya kumi na mbili ni ngumu kutoa kuliko 2,000 za Jumapili ya harambee, kwa sababu wiki ya kumi na mbili hakuna maikrofoni wala anayetaja jina lako.

Kuna mama mmoja wa kanisa ambaye aliniuliza kitu kigumu zaidi ya mjomba. Alisema, "Mimi watoto wangu wanalala njaa, na mnaniorodhesha kwenye nyumba 20?" Alikuwa na haki. Tulimwondoa, na tukakubaliana kwamba hakuna anayeulizwa kwa nini hayumo. Katika Wagalatia 6 Paulo anasema tubebeane mizigo, na aya chache mbele anasema kila mtu atabeba mzigo wake. Watu huona maneno hayo yanapingana. Mimi naona ndiyo mpaka wenyewe. Mbuzi tulizoweza kuuza bila kuua boma ulikuwa mzigo wetu, na hatukuwa na haki ya kuwapa ninyi. Kilichozidi hapo ndicho kilikuwa chenu na chetu pamoja. Jamaa isiyouza hata mbuzi mmoja na kuja kanisani inawaibia wenzake. Jamaa inayouza mpaka wa mwisho bila kusema inamwibia mgonjwa sababu ya kupona.

Na je, kama matibabu hayangeweza kuponya? Swali hili tuliogopa, lakini niliwauliza madaktari kabla hatujauza mbuzi wengine: "Lengo la dawa hizi ni kuponya au kutuliza?" Walituambia kwa wakati huo lengo lilikuwa kuponya. Kama wangesema kutuliza, tungekaa tena na karatasi nyingine, na mama angekuwa na sauti ya kwanza. Kumtuliza mgonjwa si kumwacha. Dawa ya maumivu ya morfini haigharimu kama kemo, na mtu anaweza kuwa karibu na nyumbani, karibu na wajukuu. Kumuuza mbuzi wa mwisho kwa dawa ambayo daktari mwenyewe anasema haitaponya, bila kumuuliza mama kama anaitaka, sioni kama ni upendo. Naona ni woga wetu sisi.

Leo mama amemaliza kemo, upasuaji na mionzi. Vipokezi vilionyesha uvimbe wake ulilishwa na homoni, kwa hiyo anameza kidonge cha tamoksifeni kila siku, na ataendelea kwa miaka 5. Kidonge hicho si ghali, lakini cha miaka mitano kinahitaji mtu wa kukikumbuka na kukinunua kila mwezi, na tumemwandika dada yangu mdogo kwenye karatasi. Kila baada ya miezi michache kuna kliniki, na nauli bado ni ile ile. Mkopo wa simu nimeumaliza, wa rafiki bado. Boma la baba lilikuwa na mbuzi 31 siku ile mama alipohesabu. Sasa lina 22, kwa sababu upasuaji ulihitaji watu kukaa kule, na tuliuza tena. Sikuwaambia ninyi kwamba tumeshinda. Nawaambia tumefika hapa.

Juzi mama alikuwa amekaa kwenye kivuli akiwaangalia mbuzi wakirudi. Akaniita na kuniambia, "Lete ile karatasi." Nikadhani anataka kuona tarehe ya kliniki. Alitaka niongeze jina la jirani yetu wa upande wa mto, ambaye naye ameambiwa aende kule Kenya na bado hajamwambia mumewe bei. Mama akasema, "Mwandike. Na niandike mimi kwa mia tano."

Wapendwa, tarehe ya kwanza ya huyo jirani ni Alhamisi ijayo. Karatasi iko kwangu, na ina nafasi 14.